Chaja ya wati 65 kwenye simu iliyokuja na ya wati 18: ndiyo imevimbisha betri?

MamaTasha_Umoja

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa mtu anayeyajua mambo haya kwa undani. Simu yangu ilikuja na chaja iliyoandikwa 18W. Tangu nipewe laptopu kazini nimekuwa nikitumia chaja ya hiyo laptopu, 65W, kwa sababu mdomo ni uleule wa USB-C na sipendi kubeba chaja mbili kwenye matatu. Wiki hii nimeona kifuniko cha nyuma kimeanza kuinuka upande mmoja. Nilipita kwa fundi mmoja mjini. Hakuifungua, aliitazama tu akasema, "Mama, betri umeichoma na chaja ya laptopu." Anataka kuniuzia betri pamoja na chaja "ya wati zake".

Betri nitanunua, hilo halina ubishi. Ninachotaka kujua ni kama kweli chaja ndiyo iliyoiua, maana watoto wangu wawili nao wanachajia hapohapo. Kama ni hatari nataka niizuie leo.

Otis_Stima

Pole sana mama. Mimi naweka stima majumbani, na fundi wako amesema kweli. Simu imetengenezwa kupokea wati 18, wewe unaisukumia 65, mara tatu na zaidi. Joto lazima lipande. Betri ya lithiamu ikipata joto jingi inatoa gesi ndani, na gesi haina pa kutokea, ndipo inavimba. Rudi kwa chaja iliyokuja na simu.

Fundi_Bodi

Mama Tasha, kabla hatujafika kwa chaja: zima hiyo simu sasa hivi. Usiichaji tena hata kidogo, usibonyeze kifuniko ili kirudi, na usiilaze kitandani wala kwenye sofa. Iweke kwenye sakafu ya simenti mahali watoto hawafiki, mpaka utakapoipeleka. Betri iliyovimba ikitobolewa au ikikunjwa inaweza kuwaka.

Sasa swali lako. Otis, kuhusu gesi uko sawa kabisa. Kuhusu kusukuma sikubaliani nawe, na jambo hili unaliona kila siku kazini. Soketi ileile inayoendesha birika la wati 2,000 ukiichomekea taa ya wati 9, taa haipasuki. Inachukua 9 zake. Kinachosukuma ni volti. Kiasi kinachoingia kinaamuliwa na kifaa chenyewe.

Mama, tazama maandishi madogo kwenye chaja ya laptopu. Nyingi za 65W zimeandikwa karibu hivi:

```
OUTPUT: 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A
```

Hiyo 65 ni 20 mara 3.25, na inapatikana tu kifaa kikiomba volti 20. Laptopu inaomba. Simu yako haiombi. Ukichomeka waya wa C kwa C, chaja nzuri haitoi umeme wowote wa kuchaji mpaka ihisi kuna kifaa upande wa pili. Ikishahisi inatoa volti 5. Halafu inatangaza orodha yake, kama hiyo hapo juu, na simu inachagua. Simu ya wati 18 kwa kawaida huchagua 9, ikavuta ampea 2 au pungufu. Hakuna njia ya chaja kuilazimisha simu kuvuta ampea ambazo haizitaki.

Na hizo volti 9 haziendi moja kwa moja kwenye betri. Kwenye bodi ya simu kuna aisii ya chaji inayozishusha mpaka volti nne na kidogo za betri. Hiyo ndiyo inayoangalia betri imejaa kiasi gani na ina joto gani, na ndiyo inayopunguza au kukata.

Kwa hiyo nakuuliza: hiyo betri ni ile iliyotoka na simu dukani, au imewahi kubadilishwa?

Otis_Stima

Fundi, kwenye karatasi sawa. Lakini mimi kwa macho yangu nimewahi kupima chaja ya simu ikitoa volti 12 bila kuombwa na mtu yeyote. Hapo simu itachagua nini?

Fundi_Bodi

Hapo haichagui kitu, na simu inaweza kufa. Lakini ona ulichokipima: chaja iliyoharibika, au ya feki, inayotoa volti ambazo hazijaombwa. Chaja kama hiyo inaweza kuwa imeandikwa 10W na bado ikaua simu. Namba ya wati haikuambii chochote kuhusu hilo.

Tena zile za barabarani zilizoandikwa 120W kwa bei ya sahani ya chipsi mara nyingi kosa lao ni kinyume. Nyingine nimezipima: ukizipa mzigo wa ampea mbili, volti 5 inaporomoka chini ya 4.5. Hizo 120 hazimo humo. Kilichokosekana zaidi ni ule utenganisho mzuri ndani kati ya upande wa volti 240 na upande wa simu. Ukiona kioo kinacheza chenyewe wakati wa kuchaji, au unahisi vijichomo ukigusa fremu ya chuma, achana na hiyo chaja hata kama wati zake ni zilezile za kwenye boksi.

Mwalimu_Kayole

Naomba nichangie. Mimi naona kuiacha simu kwenye chaji usiku kucha ndiko kunaua betri. Simu ikifika mia, chomoa. Mwanafunzi wangu mmoja alilala na simu chini ya mto ikachoma foronya.

Kijana_Madaraka

Mwalimu, swali la mama ni wati za chaja, usiku ni jambo jingine. Lakini hiyo ya mto isidharauliwe. Joto lililokosa pa kutokea ni baya kwa betri yoyote, uwe unatumia chaja yoyote.

MamaTasha_Umoja

Simu nimeizima, iko jikoni chini, nimeifunika na sufuria ya zamani. Asanteni.

Fundi, betri si ile ya kwanza. Mwaka jana ilikuwa inaisha kabla ya saa sita mchana, nikaibadilisha kwenye kibanda fulani. Aliniambia ni orijino. Kweli baada ya hapo chaji ilikaa, ila nikiichaji ilikuwa inashika moto kuliko zamani. Nilidhani ni kava.

Fundi_Bodi

Sasa tumepata pa kuanzia.

Betri ya simu haina nyaya mbili tu za chanya na hasi. Ina mguu wa tatu, wakati mwingine na zaidi, na kwenye simu nyingi mmoja wao unaenda kwenye sensa ndogo ya joto iliyokaa pamoja na betri. Sensa hiyo ni rezista ambayo ukinzani wake unashuka betri ikipata joto. Aisii ya chaji inausoma mguu huo muda wote. Ikiona joto linakwenda juu inapunguza ampea, na likikaribia digrii 45 simu nyingi zinapunguza sana au zinasimamisha kabisa.

Baadhi ya betri za bei rahisi zinatengenezwa bila hiyo sensa. Lakini simu isiposoma chochote kwenye mguu ule inakataa kuchaji. Kwa hiyo wanaweka rezista ya kawaida, isiyobadilika, inayoiambia simu kwamba betri ina digrii 25 wakati wote. Betri inaweza kuwa inachemka, simu inaendelea kuilisha ampea zote kwa sababu habari iliyo nayo ni kwamba kila kitu ni shwari. Ule ulinzi niliousifia juu umepofushwa.

Hili linapimika kwa multimita. Betri ikishatolewa kwenye simu, fundi aweke multimita kwenye omu, apime kati ya mguu wa sensa na hasi. Nyingi zinasoma karibu kiloomu 10 kwenye joto la kawaida la chumba, nyingine zinasoma tofauti, kwa hiyo namba yenyewe isimsumbue. Aweke kiganja juu ya ule ukanda wa juu wenye saketi, asubiri dakika moja. Sensa ya kweli, namba inashuka polepole. Rezista, namba inakaa palepale. Hiyo yako asiiminye kwa sababu imevimba. Kiganja kiguse tu. Na uiombe ipimwe hivyohivyo betri mpya kabla haijafungwa, ukiwa umesimama hapo.

Angalizo: kwenye simu kadhaa sensa iko kwenye bodi na si kwenye betri, na huko kipimo hiki hakisemi kitu. Fundi anayejua modeli yako atakwambia.

Kijana_Madaraka

Kwa wenye simu nzima ambao hawataki kufungua: Android inaonyesha joto la betri. Kwenye baadhi ya simu ukipiga `*#*#4636#*#*` unapata ukurasa wa betri. Kama una kompyuta yenye adb, andika hivi:

```
adb shell dumpsys battery
```

Tafuta mstari wa temperature. Ukisoma 312 maana yake ni digrii 31.2. Soma simu ikiwa imetulia, kisha ichaji nusu saa ukiwa unaangalia video, usome tena. Betri yenye sensa hai lazima ipande digrii kadhaa. Ikiwa namba ni ileile kamili, asubuhi ya baridi na mchana wa jua, ishuku hiyo betri.

Boda_Rongai

Mimi nachaji kwenye pikipiki. Kuna kile kichaja unafunga kwenye usukani, kinatoka kwenye betri ya pikipiki ya volti 12. Kimeandikwa 5V 2.1A tu, sio wati nyingi. Lakini simu inachemka mpaka inaandika imesimamisha chaji, na nikiongeza mafuta kioo kinaruka chenyewe, ramani inajikuza. Kwa hiyo wati ndogo pia zinaua?

Fundi_Bodi

Boda, wewe una mambo mawili. La kwanza ni jua. Simu iko kwenye usukani, kioo kimewashwa mwanga wote, ramani inafanya kazi, data imewashwa, halafu inachajiwa. Hata chaja bora duniani haitaisaidia hapo. Kuandika imesimamisha chaji ni dalili nzuri, sensa yako inafanya kazi. Jaribu kuichaji ukiwa umeegesha kivulini.

La pili ni hicho kichaja. Kioo kuruka ukiongeza mafuta kunaonyesha umeme wa pikipiki unapita humo haujasafishwa vizuri. Nunua kipima USB, kile kidogo cha kuchomeka katikati ya waya, uangalie injini ikiwa imelala na ukiipandisha. Kwa kichaja cha volti 5 unataka uone kati ya 4.75 na 5.25. Ikicheza mpaka 6, kitoe siku hiyohiyo.

Boda_Rongai

Sawa mkuu. Nitapima nirudi.

MamaTasha_Umoja

Nimerudi na majibu. Nilienda kwa fundi mwingine ambaye ofisi yake ina mwanga na vifaa, nikamsomea maneno ya Fundi_Bodi kama yalivyo. Alicheka kidogo lakini akakubali kupima mbele yangu. Betri ya zamani: 10.0 kabla ya kiganja, 10.0 baadaye, haikusogea hata nukta. Alinionyesha betri mbili mpya. Ya kwanza ilikuwa vilevile, haisogei. Ya pili ilianza 10.4 ikashuka mpaka 8 na kitu. Nikachukua ya pili ingawa bei ilikuwa karibu mara mbili.

Halafu nikamwomba apime chaja. Ana hicho kipima USB. Simu ikiwa na asilimia 40, chaja ya laptopu ilisoma volti 8.9 na ampea 1.8. Tukaitoa tukaweka chaja yangu ya zamani ya 18W, ikasoma 8.8 na 1.8. Nilisimama hapo nikashangaa, maana mara tatu na zaidi niliyoambiwa sikuiona. Nyumbani nimechaji kwa ile ya laptopu, joto limetoka digrii 29 hadi 37. Ilipopita asilimia 85 nikaona simu yenyewe inapunguza mwendo.

Kijana_Madaraka

8.9 mara 1.8 ni wati 16. Hizo nyingine 49 zimebaki kwenye chaja bila kuombwa.

Otis_Stima

Vipimo ni vipimo, nimevikubali. Lakini nina hoja moja na naomba Fundi asiipite. Kama sensa ya betri ile ilikuwa bandia, basi simu haikuwa na breki. Angekuwa anatumia chaja ya zamani ya volti 5 ampea 1, betri ingepokea wati 5 tu na joto lingekuwa dogo, sensa au bila sensa. Pengine isingevimba. Kwa hiyo wati zilichangia.

Fundi_Bodi

Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo, kwa betri ile mbovu, chaja ya pole ya wati 5 ingekuwa salama zaidi. Ila ile ya 18W iliyotoka kwenye boksi ingefanya kilekile kilichofanywa na ya 65W, kwa sababu umeona mwenyewe zinatoa sawa. Kumwambia mama arudie chaja "ya wati zake" kungemwacha na tatizo lilelile.

Kama sensa bandia ndiyo iliyoivimbisha, siwezi kuapa. Betri za bei rahisi huvimba pia kwa sababu ndani zimetengenezwa vibaya, unyevu umeingia kiwandani, au zimekaa stoo muda mrefu zikiwa tupu. Mama Tasha, simu ilikuwa inakaa wapi mchana?

MamaTasha_Umoja

Kazini naiweka dirishani kwa sababu ndiko mtandao unashika. Jua la mchana linafika.

Fundi_Bodi

Basi washukiwa ni watatu, sensa bandia, betri iliyotengenezwa vibaya na jua la dirishani, na kuwatenganisha sasa haiwezekani. Ile iliyopo sasa itoe dirishani.

MamaTasha_Umoja

Nimeelewa. Sasa watoto. Simu ya Tasha iliandikwa 10W kwenye boksi na ya kaka yake pia 10W, zote betri za kwanza. Lakini nimesoma kwenye maelezo ya hii ya kaka yake kwamba inakubali mpaka 18W. Kwa hiyo chaja ya laptopu itaipa 18?

Fundi_Bodi

Swali zuri sana, na hapa ndipo wati kubwa zinaweza kuleta tofauti ya kweli. Simu ya Tasha mwisho wake ni 10. Uiwekee 65, uiwekee 100, itabaki volti 5 na ampea 2. Ya kaka yake ilipewa chaja ndogo kuliko uwezo wake, pengine ili boksi liwe rahisi. Ukiichomeka kwenye chaja kubwa itachaji haraka kuliko ilivyozoea, na itapata joto zaidi kidogo. Hiyo 18 mtengenezaji ameipima na kuiruhusu, kwa hiyo si uharibifu. Lakini ni kweli kwamba betri inayojazwa polepole na kwa ubaridi huzeeka taratibu zaidi. Mtoto akichaji usiku na hana haraka, mpe ile ya 10W. Akitaka kutoka baada ya nusu saa, mpe ya laptopu.

Na usishangae kama haitafika 18. Chaja ya laptopu inazungumza lugha ya PD, yaani ule utaratibu wa chaja kutangaza orodha na simu kuchagua. Simu kadhaa zinajua tu lugha ya kampuni yao, na hizo zikikutana na chaja ya 65W zinabaki kwenye volti 5. Kuna wateja wananiletea simu ya wati 33 wakilalamika kwamba kwa chaja ya wati 65 inachaji polepole kuliko kwa ile yake. Hakuna kilichoharibika, ni lugha tu haijalingana.

Mwalimu_Kayole

Na betri iliyovimba anaipeleka wapi? Jalalani hapana, wale vijana wanaochambua taka wataitoboa.

Kijana_Madaraka

WEEE Centre hapa Nairobi wanapokea taka za elektroniki, betri zikiwemo. Azibe ncha zake kwa selotepu kwanza zisigusane na chuma, aibebe kwenye kopo lenye mchanga, na aseme mapema kwamba imevimba.

Wanja_Githurai

Samahani naingia mwisho. Mama yangu ana kabambe mpya yenye mdomo wa USB-C. Nimeichomeka kwenye chaja ya laptopu kwa waya wa C kwa C, haichaji kabisa, hata taa haiwaki. Nimeiua?

Fundi_Bodi

Hujaiua. Nilisema juu kwamba chaja ya C haitoi umeme mpaka ihisi kifaa. Inahisi kwa kutumia rezista mbili ndogo ambazo mtengenezaji wa simu anapaswa kuziweka nyuma ya mdomo wa C. Kwenye kabambe nyingi, tochi na spika za bei rahisi wanaziruka. Chaja inaona kwamba hakuna mtu, inakaa kimya. Tafuta waya wenye mdomo mpana wa zamani upande wa chaja na C upande wa simu, uuchomeke kwenye chaja yoyote nzuri ya volti 5. Huo hautegemei hizo rezista za simu. Itavuta nusu ampea yake na kuchaji kawaida.

Wanja_Githurai

Imewaka! Nimetumia waya wa powabenki. Asante Fundi.